Mlango Uliofungwa na Njia Iliyokatika

Mafundi wa mtandao ninaowaheshimu kuliko wote si wale wanaopanda minara wala wanaofukia nyaya kando ya barabara. Ni wale ambao tovuti ikiacha kujibu katikati ya kazi, husoma kwa utulivu namna ilivyoacha kujibu, kisha wakasema kwa uhakika kama njia imekatika au mlango umefungwa. Kwa mtazamaji mwenye haraka mambo hayo mawili ni yale yale: ukurasa haufunguki, skripti imesimama, kazi imelala. Lakini njia ikikatika unamtafuta mtoa huduma wako, ilhali mlango ukifungwa, aliyeufunga ni mwenye nyumba, na amefanya hivyo kwa sababu ya mabisho yako. Asiyejua kutofautisha atashinda kutwa akibadilisha nyaya zisizo na kosa huku skripti yake ikiendelea kumchosha mwenye nyumba.

Nieleze kisa kimoja nilichokishuhudia. Kijana wa maktaba alikuwa akikusanya picha za magazeti ya zamani kutoka hazina ya kidijitali ya ng'ambo iliyo wazi kwa umma. Orodha yake ilikuwa na kurasa 12,000. Aliandika skripti ya Python iliyofungua miunganisho 20 kwa mara moja, na kila ombi lililoshindwa lilirudiwa papo hapo. Mwanzoni picha zilimiminika. Baadaye zikaanza kupungua, na mwishowe kila ombi likarudi na maneno `Connection refused`.

"Fundi, mtandao umekata," kijana akamwambia fundi wa mtandao aliyekuwapo.

"Mtandao upo, mwanangu," fundi akamjibu, maana simu yake mwenyewe ilikuwa kwenye Wi-Fi ile ile na ujumbe ulikuwa unaingia. "Zima kwanza hiyo skripti."

Agizo hilo ndilo mwanzo wa ustadi wote. Skripti inayoendelea kubisha inavuruga ushahidi, kwa sababu huwezi kujua kama hali ya sasa inatokana na kosa la awali au na maombi mapya yanayoongezwa kila sekunde. Isitoshe, seva nyingine huhesabu adhabu upya kila unapobisha ukiwa umefungiwa, hivyo anayesubiri afunguliwe huku akibisha anaweza kusubiri mpaka kesho.

Baada ya hapo fundi hakugusa ruta. Alifungua faili la kumbukumbu la skripti na kulisoma kutoka juu kwenda chini, akitafuta mpangilio wa matukio. Dakika kadhaa kabla ya `Connection refused` ya kwanza, majibu yalikuwa yameanza kuja na namba 429. Namba hiyo iliingizwa katika kanuni za wavuti mwezi Aprili 2012, katika waraka uitwao RFC 6585, na maana yake ni kwamba umetuma maombi mengi mno kwa muda mfupi. Mara nyingi huambatana na mstari wa `Retry-After` unaotaja sekunde za kusubiri. Skripti ya kijana haikuusoma mstari huo. Ilichojua ni kwamba jibu si 200, basi ikarudia.

Hapo ndipo kisa kilipojifunua. Njia iliyokatika haitumi onyo. Waya ukikatwa, maombi yote yanakufa kwa pamoja, ya tovuti hii na ya nyingine zote. Kilichoonekana hapa ni ngazi: kwanza seva ya wavuti ilikataa kwa maneno, na maneno yalipopuuzwa, kazi ikahamia kwa fayawoli, ambayo haizungumzi lugha ya kurasa wala namba 429. Seva nyingi zina programu inayosoma kumbukumbu na kuagiza anwani sumbufu izuiwe. Moja inayojulikana sana ni fail2ban, ambayo isipobadilishwa mipangilio hufungia anwani kwa dakika 10. Katika mipangilio yake ya kawaida kwenye Linux, pakiti ya aliyefungiwa hurudishiwa ujumbe kwamba poti haifikiki, na kompyuta ya mtumaji huutafsiri kuwa `Connection refused`, kana kwamba hakuna seva kabisa.

Kwa hiyo maneno ya kosa hayatoshi peke yake, ila lazima yasomwe, na hapa napenda mno utaratibu wa wenye kazi hii. Hutuma ombi moja tu, kwa mkono, na kutazama limefika wapi:

```
curl -sv -o /dev/null --connect-timeout 10 https://anwani-ya-tovuti/
```

Likiandika `Could not resolve host`, jina halikupata anwani, na safari haijaanza. Hapo mtuhumiwa ni DNS au mtandao wako. Likiandika `Connection refused` mara moja, kuna kilichojibu, na kikiweza kujibu, maana yake kuna njia ya kwenda na kurudi. Likisubiri mpaka muda uishe, pakiti imemezwa bila jibu, na hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu fayawoli inayotupa pakiti kimyakimya na waya uliokatika baharini vinafanana kabisa ukiwa mezani kwako. Linux, isipopewa kikomo, hurudia pakiti ya kwanza mara kadhaa kwa vipindi vinavyokuja kurefuka, na hukata tamaa baada ya dakika 2 na sekunde chache. Skripti isiyo na kikomo cha muda huonekana imeganda, kumbe inasubiri.

Kimya hicho huvunjwa kwa kulinganisha. Tovuti nyingine kutoka kompyuta ile ile, wakati ule ule: inafunguka? Tovuti ile ile kutoka njia nyingine, kwa mfano data ya simu: inafunguka? Nyingine zikifunguka kwako na hiyo moja ikafunguka kupitia simu, jambo limebaki kati ya anwani yako na seva ile, na kuzuiwa ndiyo dhana yenye nguvu. Isipofunguka popote, huenda seva imeanguka kwa watu wote. Tahadhari moja ni muhimu kwetu tunaotumia bando za simu: kampuni za simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Unaweza kukuta mlango umefungwa kwa kosa la mtu usiyemjua, kwa hiyo kushindwa kupitia simu hakuthibitishi kwamba seva imekufa.

Sasa nifike kwenye mtego unaowanasa hata wazoefu, na ambao kwangu ndio kipimo cha fundi. Kuna kosa la mtandao lililo la kweli kabisa ambalo nalo huanza baada ya matumizi makubwa, na nalo hupona ukisubiri. Ruta ndogo ya ofisini huweka jedwali la miunganisho yote inayopita ndani yake. Skripti inayofungua na kufunga miunganisho kwa kasi hulijaza jedwali hilo, kwa sababu muunganisho uliofungwa haufutwi papo hapo. Likijaa, muunganisho mpya hauna pa kuandikwa, na pakiti zake hutupwa. Ukizima skripti, baada ya muda jedwali linapungua na kila kitu kinarudi. Mtu asiye makini atasema, "Tulifungiwa, sasa wametufungulia," na atakuwa amemsingizia mwenye tovuti.

Dalili ya kutenganisha ipo, na ni nzuri kwa aliyezoea kutazama. Ruta ikijaa, tovuti zote mpya zinagoma, kwa watu wote wa ofisi, lakini miunganisho iliyokwisha kuanza inaendelea: aliye kwenye kikao cha video anaendelea kuzungumza huku mwenzake kando yake hawezi kufungua ukurasa hata mmoja. Kufungiwa na seva hakuwezi kuleta hali hiyo. Kompyuta yenyewe nayo inaweza kuishiwa. Linux hutumia poti za kutokea kuanzia 32768 hadi 60999, na iliyotumika hupumzishwa sekunde 60 kabla ya kurudishwa kazini kwa safari ya kwenda kule kule. Zikiisha, kosa husomeka `Cannot assign requested address`, na hapo hakuna pakiti hata moja iliyotoka nje. Amri ya `ss -s` itaonyesha maelfu ya miunganisho iliyo katika hali ya `timewait`. Kumlaumu mwenye seva kwa kosa hilo ni dhuluma, maana hakuwahi hata kukusikia.

Katika kisa chetu, tovuti nyingine zilifunguka, miunganisho iliyopumzishwa ilikuwa michache, na ombi moja kupitia data ya simu lilijibiwa 200. Fundi akaiacha kompyuta kimya. Baadaye akatuma ombi moja, likapita. Hata hapo hakutangaza ushindi. Aliomba ukurasa mmoja kila sekunde 3 kwa muda mrefu, na hakuna ombi lililokataliwa. Waya mbovu haujali kama unakwenda polepole. Kikomo cha mwendo ndicho kinachojali. Huo ndio ushahidi uliofunga mjadala.

Naungama kwamba mipaka ipo. Namba 503 kwa mfano ina sura mbili: inaweza kuwa seva imelemewa kweli, na inaweza kuwa kikomo, kwa sababu nginx hutumia 503 kumkataa aliyezidisha mwendo isipoagizwa vingine. Hapo ni kulinganisha tena, na kuvuta subira.

Kilichobaki ni adabu, nami siitenganishi na ustadi. Njia ile ya data ya simu ilitumika kwa ombi moja la kupima, haikutumika kuendelea kupakua kwa mlango wa nyuma. Kuna wanaojivunia kuzungusha anwani ili wasikamatwe. Naona hilo ni kutomwelewa mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni taasisi yenye seva chache na wasomaji wengi. Wengine hutaja wazi wanachokubali: huduma ya Nominatim ya OpenStreetMap inaruhusu ombi 1 kwa sekunde lisizidi, na arXiv inataka pengo la sekunde 3. Wikimedia hutoa mafungu mazima ya data ili watu wasikwangue ukurasa mmoja mmoja. Skripti ya kijana iliandikwa upya, na sehemu ya kupakua ikawa mstari mmoja:

```
wget --wait=3 --random-wait --user-agent="jina-la-programu barua-pepe-yako" -i orodha.txt
```

Asichanganye mtu hapa: chaguo la `--limit-rate` hupunguza baiti kwa sekunde, halipunguzi idadi ya maombi, na wengi hulitumia wakidhani wamejirekebisha. Kijana pia aliwaandikia wenye hazina barua pepe, akaeleza anachokusanya na kwa nini, na akaweka anwani yake ya barua pepe ndani ya jina ambalo programu yake hujitambulisha nalo. Kwa mwendo wa sekunde 3, kurasa 12,000 zinahitaji saa 10 na ushei. Aliianzisha jioni, na asubuhi kazi ilikuwa imekamilika bila 429 hata moja.