Mlima Elgon Washika Usukani

Kile kijitabu cha watalii wa Kitale na Bungoma mmekisoma. Ramani ni safi na picha za maporomoko ya Nabuyole zinavutia. Kilichonikera ni sentensi moja, na aliyeiharibu si mwandishi bali mhariri.

Rasimu niliiona. Mwandishi alileta: “As you drive from Kitale to Bungoma, Mount Elgon appears on your right.” Haina doa. Mhariri akaikata ikawa: “Driving from Kitale to Bungoma, Mount Elgon appears on your right.” Ameokoa maneno mawili, na gari limepoteza dereva.

Kishazi cha -ing hakina mtenda wake. Hukopa mtenda wa kishazi kikuu, na msomaji humtafuta mara tu baada ya koma. Uliza: nani anaendesha? Jibu lililopo pale ni Mount Elgon. Mlima wa zaidi ya mita 4,300 unapita Kiminini na Kamukuywa ukikanyaga mafuta, halafu unakutokea mkono wa kulia. Msiniambie “your” inaokoa jahazi. Hiyo inaonyesha mkono ni wa nani tu, haiwezi kuwa mtenda. Wala kukipeleka kishazi mwishoni hakusaidii: mlima utakuwa bado unaendesha, ila umechelewa kuwasha gari.

Mwalimu wangu wa zamani alikuwa akichora mshale kutoka kwenye -ing hadi kwenye nomino baada ya koma. Mshale ukiangukia jiwe, chakula au mlima, daftari lilirudi. Wahariri wa siku hizi wanahesabu maneno.

Najua utetezi: maana inaeleweka, na hata mzimu katika Hamlet unasimulia kifo chake kwa namna ambayo, kisarufi, aliyelala bustanini ni nyoka. Sawa. Fowler naye, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliziachia “considering” na wenzake, kwa kuwa zilikwisha kugeuka vihusishi na hazidai mtenda tena. “Driving” haijafika huko. Bado inamtaka mtu kwenye usukani.

Kosa hili hutunasa kwa urahisi kwa sababu Kiswahili hubeba mtenda ndani ya kitenzi. Tukisema “tukiendesha kutoka Kitale, Mlima Elgon huonekana kulia,” ile tu- imeshamtaja dereva. (“Ukiendesha” ina utata kidogo, maana mlima nao huchukua u-, lakini hilo ni la siku nyingine.) Tukiigeuza iwe Kiingereza, tu- inadondoka njiani na -ing haina pa kumweka.

Anayeipenda sana -ing ampe mtu nafasi baada ya koma: “Driving from Kitale to Bungoma, you see Mount Elgon on your right.” Ila sentensi ya mwandishi ilikuwa bora, na toleo lijalo limrudishie “As you drive” yake.