Mtoto wa sentimita 82.6 na mkia wa kengele

Mvulana wa miezi 24 amesimamishwa kwenye ubao wa kupimia urefu: sentimita 82.6. Mama yake haoni tatizo, maana wenzake wa mtaani wako vivyo hivyo.

Vigezo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinaweka wastani wa umri huo kwenye sentimita 87.1, na mchepuko sanifu karibu 3.1. Ukitoa 87.1 kwenye 82.6 unapata −4.5, gawanya kwa 3.1, jibu ni −1.45. Hiyo ndiyo alama z yake.

Sasa chora kengele. Eneo lote chini ya mkunjo ni 1, yaani asilimia 100. Simamisha mstari kwenye −1.45, kisha tia kivuli upande wote wa kushoto. Ukifungua jedwali kwenye 1.4 na .05 utakuta 0.9265, na hapa ndipo wengi huteleza, kwani kivuli ulichochora ni kidogo mno kuwa asilimia 93. Jedwali limehesabu kila kilicho kushoto kwa +1.45. Kwa kuwa pande mbili za kengele zinalingana, toa kwenye 1: inabaki 0.0735, asilimia 7 hivi. Majedwali mengine huanzia katikati na kuandika 0.4265, hayo utayatoa kwenye 0.5. Jibu ni lile lile.

Mpaka wa udumavu ni −2, karibu sentimita 81.0 kwa umri huu. Kivuli chake ni asilimia 2.3. Kwa hiyo hata watoto waliolelewa vizuri, wawili hivi kati ya 100 watakuwa chini yake kwa maumbile tu.

Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wako chini ya mpaka huo. Tusome jedwali kinyumenyume: eneo la 0.30 linaishia kwenye z ya −0.52. Kama upana wa kengele haukubadilika, −2 iko hatua 0.52 kushoto kwa wastani wa watoto hawa. Basi wastani wao ni −1.48.

Sharti hilo la upana si dogo. Vipimo vya ovyo na umri wa kukisia hutanua kengele. Mchepuko wa alama z ukifika 1.3, kivuli huvimba hadi asilimia 6 hata kama wastani ungali sifuri. Kagua mchepuko kabla ya kutangaza asilimia.

Rudi kwa mvulana wetu na −1.45 yake. Kwenye kengele ya vigezo yuko mkiani. Kwenye kengele hii iliyosogea, yuko katikati kabisa. Jicho la mama halikukosea: limelinganisha na kengele ya mtaani.