Tundu Dogo Kupita Kiasi: Namna f/22 Inavyofifisha Picha

Chukua picha ya pamoja ya kawaida kabisa. Watu thelathini hivi wamepangwa safu nne kwenye ngazi za ukumbi, safu ya mbele ikiwa mita 4.5 kutoka kwenye kamera na ya nyuma mita 6.5. Mpigapicha ana kamera ya pikseli milioni 24 yenye kihisi cha ukubwa wa APS-C, na ile lenzi ya 18–55 inayouzwa pamoja nayo, ameiweka kwenye milimita 24. Kwa kuogopa safu ya nyuma isitoke na ukungu, anafunga tundu la lenzi hadi f/22, maana kila aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba tundu likifungwa, eneo kali mbele na nyuma ya fokasi hurefuka. Alifundishwa sawasawa. Lakini picha ikifunguliwa kwenye kompyuta na kukuzwa hadi asilimia 100, nyuso za mbele, za kati na za nyuma zote zimefifia kwa kiwango kilekile: kope zimeshikana, na darizi za kwenye kola ya kanzu zimegeuka doa moja. Dai langu ni kwamba f/22 yenyewe ndiyo iliyoiharibu picha hii, na kwamba hesabu ya dakika mbili ingetosha kuonyesha hivyo kabla kitufe hakijabonyezwa.

Mwanga husafiri kama mawimbi, na wimbi likipenya mahali pembamba halitoki upande wa pili likiwa limenyooka. Aliyewahi kutazama bahari kwenye mlango wa mwamba ameliona jambo hili: mawimbi yanaingia yakiwa mistari iliyonyooka, yakishavuka mlango yanatapakaa kama upinde, na mlango ukiwa mwembamba zaidi ndivyo yanavyotapakaa zaidi. Wanafizikia wanaita tabia hiyo difraksheni. Ndani ya kamera matokeo yake ni kwamba nukta moja ya mwanga, hata ikipita kwenye lenzi isiyo na kasoro yoyote, haiangukii kwenye kihisi kama nukta. Inaanguka kama kisahani chenye kitovu kinachong'aa na pete hafifu pembeni. Mwingereza George Airy alikipigia hesabu kisahani hicho mwaka 1835, akiwa anashughulika na darubini za nyota, na hesabu yake haijabadilika: kipenyo ni 2.44 mara urefu wa wimbi la mwanga mara namba ya f. Kwa mwanga wa kijani, ambao jicho linauona vizuri zaidi, hiyo ni sawa na kuzidisha namba ya f kwa 1.34 na kupata jibu kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Kwenye f/5.6 kisahani kina mikroni 7.5, kwenye f/8 karibu 11, na kwenye f/22 karibu 30. Pikseli moja ya kamera yetu ina upana wa mikroni 4 tu.

Huenda mtu akauliza kama lenzi ndefu haipati nafuu, kwa kuwa tundu la f/22 kwenye lenzi ya milimita 200 lina upana wa milimita 9, ilhali kwenye milimita 24 ni milimita moja na kidogo. Ni kweli tundu pana hutapanya mwanga kwa pembe ndogo zaidi. Ila kwenye lenzi ndefu mwanga huo una safari ndefu kabla ya kufika kwenye kihisi, na mambo hayo mawili yanafutana sawasawa. Kinachobaki ni namba ya f peke yake.

Sasa turudi kwenye zile safu nne, tulinganishe ukungu wa aina mbili: ule wa kuwa nje ya fokasi na ule wa difraksheni. Tuseme fokasi imewekwa kwenye safu ya pili. Safu ya nyuma ndiyo iliyo hatarini zaidi, na kwa f/8 nukta ya mwanga inayotoka huko inatanuka kwenye kihisi kwa mikroni 3 tu kwa sababu ya fokasi. Haijazi hata pikseli moja. Ukifungua hadi f/5.6 inakuwa mikroni 4, na ukifunga hadi f/22 inashuka hadi mikroni 1. Kwa hiyo mpigapicha aliyetoka f/8 kwenda f/22 aliokoa mikroni 2 upande wa fokasi, na kulipia mikroni 19 upande wa difraksheni. Tena malipo hayo hayakuangukia safu ya nyuma pekee. Yalikatwa kwa kila uso kwenye picha, hata ule uliokuwa kwenye fokasi barabara. Isitoshe, kutoka f/8 hadi f/22 ni kupoteza mwanga mara nane: kasi ya shata iliyokuwa 1/200 inashuka hadi 1/25, na kati ya watu thelathini hakosekani anayegeuza shingo.

Wapo watakaosema kulinganisha kisahani na pikseli ni kutia chumvi, na wana sehemu ya haki. Mwanga mwingi wa kisahani umekusanyika kitovuni, kwa hiyo kisahani kinachogusa pikseli mbili au tatu bado hakijaharibu kitu cha kuonekana. Ndiyo maana f/8 kwenye kamera hii inatoa picha nzuri ingawa mikroni 11 ni zaidi ya pikseli mbili. Wanaongeza kwamba programu ya kuhariri inaweza kurudisha ukali uliopotea, na kamera kadhaa za siku hizi hufanya hivyo zenyewe. Hapo lazima tutenganishe mambo mawili. Difraksheni kwanza hupunguza tofauti kati ya cheusi na cheupe katika vitu vidogo, na tofauti iliyopungua inaweza kukuzwa tena, hasa kwenye faili la RAW lisilo na chengachenga. Lakini kila namba ya f ina kikomo, na chochote kilicho kidogo kupita kikomo hicho hakifiki kwenye kihisi kabisa. Kwa f/22 kikomo ni kama jozi 83 za mistari myeusi na myeupe katika milimita moja, wakati kihisi chetu kina uwezo wa kunasa kama jozi 125. Mipaka hiyo miwili inakutana karibu na f/14. Picha ya f/11 inaweza kunolewa ikatengemaa. Picha ya f/22 ikinolewa, programu inakoleza kingo za vitu vilivyobaki, na darizi za kanzu hazirudi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye historia. Mwaka 1932 huko San Fransisko, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao walijiita Kundi la f/64 kwa kusifu ukali wa picha, na wakachagua kwa jina lao tundu dogo kuliko yote tuliyotaja. Je, hawakujua? Walijua vizuri, ila kamera zao zilikuwa na negativu za hadi inchi 8 kwa 10. Kisahani cha f/64 kina mikroni 86, yaani chini ya sehemu ya kumi ya milimita, na Weston alizoea kuilaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi na kuichapa bila kuikuza. Jicho likitazama karatasi kwa umbali wa kusomea kitabu, doa la ukubwa huo halilioni. Kihisi chetu kina upana wa milimita 23.5, na ili kifikie upana wa negativu yao lazima kikuzwe karibu mara 11, pamoja na ukungu wake wote. Gawanya 64 kwa 11 unapata kama f/6. Kwa maneno mengine, anayetumia APS-C na kuweka f/5.6 ndiye anayewafuata Adams na Weston. Wa f/22 amekopa jina akaacha hesabu.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha wakati ambapo kufunga tundu ni halali. Weka lenzi kwenye milimita 18, jiwe likiwa sentimita 70 mbele yako na Kilimanjaro kwa mbali, kisha fokasi iwe karibu mita 1.4. Kwa f/8 jiwe na mlima vyote vinapata ukungu wa fokasi wa mikroni 30, mkubwa mara tatu ya kisahani cha difraksheni. Kwa f/16 ukungu wa fokasi unashuka hadi 15 na kisahani kinapanda hadi 21. Mahali pazuri ni kati ya f/11 na f/16, na anayeng'ang'ania f/8 hapo kwa kuogopa difraksheni anakosea sawa na yule wa ngazini. Kanuni ni kutafuta tundu ambalo ukungu wa aina mbili unakaribiana, kisha kusimama. Picha za vitu vidogo vya karibu sana zina ugumu wake: kitu kikionekana kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, f/16 ya kwenye skrini kwa kawaida inafanya kazi kama f/32, na dawa ni kupiga picha kadhaa za f/8 kwa fokasi tofauti na kuziunganisha. Wanaofunga tundu ili maji ya maporomoko yaonekane kama moshi wanunue kichujio cheusi cha kupunguza mwanga. Na kama picha haitavuka simu na WhatsApp, hasara ya f/22 haitaonekana sana. Ile ya kasi ya shata itaonekana.

Usilipokee jambo hili kwa imani. Weka kamera kwenye tripodi mbele ya gazeti lililobandikwa ukutani, ISO 100, fokasi ya mkono isiyoguswa tena, gurudumu kwenye A au Av, na kipima muda cha sekunde 2. Piga kwa kila tundu kuanzia f/4 hadi la mwisho, kisha linganisha herufi za katikati kwa asilimia 100. Ukungu unaovuta herufi upande mmoja ni mtikisiko. Ukungu wa pembeni unaopungua kadiri unavyofunga ni kasoro za lenzi, na ndio unaofanya f/4 isiwe kali kuliko zote. Ukungu ulio sawa katikati na pembeni, unaozidi kila unapofunga, ndio difraksheni. Andika namba ya f ambapo herufi zinaanza kupoteza kingo, na kumbuka kwamba namba hiyo ni ya kihisi hicho: ukibadilisha kamera, rudia jaribio.