Kurasa Mbili za Ikisiri

Tuichukulie tasnifu ya kubuni, iliyoandikwa kwa Kiswahili, kuhusu msamiati wa maji kupwa na kujaa miongoni mwa wavuvi wa Shumba, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Mwongozo wa chuo chake unataka ikisiri mbili, Kiswahili kwanza kisha Kiingereza, kila moja katika ukurasa wake na isizidi maneno 300. Zinakaa baada ya shukurani, kabla ya yaliyomo, kwenye kurasa za tarakimu za Kirumi. Vyuo hutofautiana katika mpangilio huu, kwa hiyo mwongozo wa chuo husika ndio wa kufuatwa.

Uhakiki wangu unaanzia kwenye kikomo cha maneno. Kanuni inaonekana ya haki, lakini lugha hizi hazihesabiki sawa. "Tuliwahoji" ni neno moja; Kiingereza huhitaji maneno matatu. Kisha kuna istilahi. Katika ikisiri ya Kiswahili, "bamvua" na "maji mafu" zinajitosheleza. Katika ya Kiingereza hazina budi kubaki kama zilivyo, kwa sababu ndizo data, na bado msomaji wa mbali aelezwe kuwa bamvua ni maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mwandishi akijaza maneno 298 ya Kiswahili, tafsiri itapita kikomo.

Hapo ndipo umbo huharibika. Ili kuirudisha ndani ya 300, mwandishi hukata sentensi ya mwisho, nayo mara nyingi ndiyo ya matokeo. Ukurasa wa Kiswahili unasema wavuvi hupanga siku za kutega dema kwa majina ya maji. Wa Kiingereza unaishia kwenye mbinu za kukusanya data. Mtahini wa nje anayesoma ule wa pili anapata utafiti usio na jibu. Afadhali ya Kiswahili iandikwe kwa maneno kama 220, ndipo ifasiriwe. Ukitaka kujua kama zinalingana, ziweke ubavu kwa ubavu: lengo, eneo, mbinu, matokeo, na idadi ileile ya watoa taarifa.

Kasoro nyingine ni njeo. Kwenye ikisiri ya Kiswahili pamesahaulika "utafiti huu utachunguza", masalia ya pendekezo la utafiti, ilhali kazi imekwisha. Ya Kiingereza, iliyoandikwa baadaye, iko katika wakati uliopita. Tofauti hiyo inafichua kwamba ukurasa wa Kiswahili haukurudiwa.

Mpangilio wa kompyuta una sehemu yake. Vichwa vyote viwili vipewe mtindo wa Heading 1, si kukolezwa wino tu, la sivyo yaliyomo yanayojitengeneza hayatavichukua. Ukurasa mpya ufunguliwe kwa Ctrl+Enter. Ukisukumwa kwa mistari mitupu, sentensi moja ikiongezwa kwenye shukurani, ikisiri ya Kiingereza itateremka, isianzie tena juu ya ukurasa.