Uhakiki wa Kanuni ya Shinikizo Ruhusiwa juu ya Mwamba: Je, Ni Lini Kudidimia kwa Msingi Kunaweza Kupuuzwa?

Uhakiki huu unajadili kanuni inayotolewa na Mwongozo wa Kanada wa Uhandisi wa Misingi, toleo la nne la mwaka 2006, ya kukadiria shinikizo linaloruhusiwa juu ya mwamba. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kanuni hiyo hujibu vyema swali la kuvunjika kwa mwamba, lakini hailijibu swali la kudidimia, ingawa watumiaji wengi huisoma kana kwamba imeyajibu yote mawili.

Kwa mujibu wa kanuni hiyo, shinikizo ruhusiwa ni zao la nguvu ya mgandamizo ya sampuli nzima ya mwamba na kigezo kifuatacho:

```
K = (3 + c/B) / (10 * sqrt(1 + 300*d/c))
```

Hapa c ni umbali kati ya nyufa, d ni upana wa ufa, na B ni upana wa kitako cha msingi. Kigezo hiki tayari kimebeba usalama wa mara tatu. Hutumika pale c inapozidi milimita 300 na d isipofikia milimita 5, au milimita 25 iwapo ufa umejaa udongo au vifusi vya mwamba. Aidha, uwiano wa d kwa c haupaswi kufikia 0.02.

Tuchukue mwamba wenye nguvu ya megapaskali 40, nyufa zilizoachana kwa mita 0.6 na zenye upana wa milimita 2, chini ya kitako cha mraba cha mita 2. Kigezo kinakuwa 0.23, na shinikizo ruhusiwa ni takriban megapaskali 9.3. Kitako hicho kingeweza kubeba meganiutoni 37, mzigo ambao nguzo za majengo ya kawaida hazifikii hata kwa mbali. Tukichukua moduli ya unyumbukaji ya mwamba wote, pamoja na nyufa zake, kuwa gigapaskali 2.4, msingi ungedidimia kiasi cha milimita 7 chini ya shinikizo lote. Chini ya megapaskali 1 tu, ungedidimia kwa kiasi kisichofika milimita moja. Katika hali hii kudidimia kunapuuzwa kwa haki. Hata hivyo, sababu kubwa ya kukupuuza ni udogo wa mzigo halisi ukilinganishwa na shinikizo lililoruhusiwa.

Sasa tubadilishe jambo moja: nyufa zilezile ziwe na upana wa milimita 10 na zijae udongo wa mfinyanzi. Bado tumo ndani ya mipaka ya kanuni. Kigezo kinashuka hadi 0.135, na shinikizo hadi megapaskali 5.4. Endapo nyufa hizo ni za mlalo, katika kina cha mita 4 chini ya kitako zipo sita hivi, zenye jumla ya milimita 60 za mfinyanzi. Mfinyanzi huo ukipoteza theluthi moja ya unene wake kwa kugandamizwa na kusukumwa nje, milimita 20 zinaongezeka kwenye zile 4 za mwamba wenyewe. Nyufa zikiwa wima, nyongeza hiyo karibu inatoweka. Kanuni inatoa jibu lilelile kwa hali zote mbili, kwa sababu haina mahali pa kuingiza mwelekeo wa ufa wala aina ya kilichoujaza. Huu ndio udhaifu wake wa msingi.

Udhaifu wa pili umo katika sampuli. Katika mawe ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki, sehemu dhaifu mara nyingi husagika wakati wa kuchoronga, na maabara hupokea vipande vilivyosalimika tu. Nguvu inayopimwa huwa ya sehemu bora zaidi. Isitoshe, tatizo la mawe hayo mara nyingi ni matundu na mapango, ambayo hayawezi kuelezwa kwa umbali kati ya nyufa. Dalili ya kuangaliwa ni urefu wa sampuli uliopatikana ukilinganishwa na urefu uliochorongwa: pengo lisiloelezwa lichukuliwe kuwa tundu au udongo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa hiyo, kudidimia kupuuzwe pale tu nyufa za mlalo zinapokuwa zimebana au hazina mfinyanzi, sampuli inapopatikana karibu yote, na shinikizo la nguzo linapokuwa sehemu ndogo ya lile lililoruhusiwa. Sharti mojawapo likikosekana, moduli ya mwamba wote ikadiriwe na kudidimia kukokotolewe kando. Tasnifu inayotaja shinikizo ruhusiwa bila kueleza mwelekeo wa nyufa na vilivyozijaza itakuwa imethibitisha kwamba mwamba hautavunjika, na si zaidi ya hapo.