Jinsi filamu inavyorudi nyuma bila kumpoteza mtazamaji

Kisengere nyuma ni sehemu ya filamu inayoonyesha jambo lililotokea kabla ya lile ambalo mtazamaji amekwisha kuliona. Ugumu wake unatokana na picha yenyewe, kwa sababu picha haina njeo. Kitenzi "alikuwa amekwenda" kinatamka wazi kwamba jambo limepita, lakini mtu anayetembea kwenye skrini anatembea sasa hivi, iwe ni mwaka 1958 au 1961. Lazima kitu kingine kiutangaze wakati uliopita.

Filamu ya *Lumumba* ya Raoul Peck (2000) inaanzia mwishoni. Ni Januari 1961, usiku, huko Katanga, na Wazungu wawili wanaiharibu miili ya Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Juu ya picha hizo inasikika sauti ya Lumumba mwenyewe, na sauti hiyo ndiyo daraja. Marehemu akisema, hana la kusimulia ila yaliyopita. Kwa hiyo picha inapomleta Lumumba akiwa hai, kijana anayeingia katika siasa, mtazamaji anakuwa ameshamngoja. Baada ya hapo hadithi inafuata mfululizo wa matukio hadi mauaji. Mruko mkubwa ni mmoja, na kumbukumbu ya kubeba ni moja. Usiku ule unaporudi, hauhitaji maelezo, kwani unatambulika. Gharama yake ni kwamba swali la kama atapona limekufa mapema, na mahali pake limebaki swali zito zaidi: ilikuwaje hadi wakafika pale?

*The First Grader* ya Justin Chadwick (2010), kuhusu mzee Kimani Maruge aliyeingia darasa la kwanza nchini Kenya akiwa na miaka 84, inarudi nyuma mara nyingi na kwa vipande vifupi. Hapo kumbukumbu inaamshwa na kitu: kalamu ya risasi inayochongwa darasani inamrudisha kwenye mateso ya kizuizini enzi za Mau Mau. Maruge kijana anaigizwa na mtu mwingine, na sare za askari wa kikoloni zinataja zama bila neno.

Ishara dhaifu kuliko zote ni maandishi peke yake. Filamu ikionyeshwa Kiambi, kando ya mto Luvua, kwenye televisheni ndogo huku jenereta ikinguruma, maneno ya Kifaransa yanayosema "miaka mitatu kabla" yanapita wakati mtu amegeuka kumpisha jirani, na wengine hawasomi Kifaransa. Dalili ya kupotea husikika mara moja: "Si huyu alishakufa?" Ndiyo maana mhariri makini huutazama mruko mara mbili, kwanza bila sauti, kisha bila maandishi. Ukieleweka kwa namna zote mbili, utavumilia hata kelele za jenereta.