"Nani Mwenzangu?" Haikuwa Swali Lake

Rekodi mmeisikia. Imezunguka kwenye magrupu ya wasapu ya wafanyabiashara wa Bunda na Musoma kiasi kwamba mimi mwenyewe nimetumiwa na watu wasiofahamiana. Kwa hiyo sitasimulia habari yote. Mama wa Butiama anaulizia begi lake la vitenge lililotumwa kwa basi kutoka Mwanza, karani wa mizigo anapokea, na dakika nne baadaye mama anakata simu bila kujua begi liko wapi. Wengi mmecheka pale mwishoni, karani anaposema, "Mama, hapa ni Musoma." Mnacheka mahali pasipo kosa. Karani aliipoteza simu hiyo kwenye sentensi yake ya kwanza, na yote yaliyofuata ni matokeo.

Rudini mwanzo kabisa, tena mweke spika. Simu inaita. Inapokelewa, lakini kwa muda hakuna anayesema na mama, kwa sababu karani bado anamalizia maneno na mtu mwingine kuhusu turubai. Kisha:

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Habari za asubuhi, mwanangu. Hapo ni wapi?"

"Wewe umepiga wapi?"

"Nimepiga ofisi ya mizigo."

"Sema."

Hapo pametumika zamu tano za maneno. Karani anajua kwamba mama anataka ofisi ya mizigo, jambo ambalo alipaswa kulitaja yeye. Mama hajui chochote. Hajui kama namba ni sahihi, hajui aliyepokea ni karani au ni fundi aliyeachiwa simu, na kubwa kuliko yote, hajui ni stendi gani. Salamu yake imeachwa hewani bila kuitikiwa. Kijana mwenye sauti ile, akisikia "mwanangu" kutoka kwa mama mwenye sauti ile, hapa Mara anajua anachodaiwa. Lakini tusimkamatie kwenye adabu peke yake, maana adabu inaweza kutengemaa baadaye. Kilichoharibika pale hakikutengemaa.

Swali la "nani mwenzangu" linageuza wajibu. Aliyepiga amebonyeza tarakimu kumi, na haoni mlango, bango wala sura. Anayeweza kumwondolea giza hilo ni aliyepokea tu. Akianza kuulizwa yeye ni nani, kazi ya kutambulisha mahali inamwangukia mtu pekee asiyeweza kuifanya. Ndiyo maana mama hakujibu jina lake. Alijibu swali kwa swali, na karani naye akarudisha swali juu ya swali. Konda wa basi hamuulizi abiria jina kabla ya kutaja gari linakwenda wapi.

Sasa sikilizeni "Sema" ilivyomfanya mama. Hakuuliza kama mzigo wake umefika au la. Alianza na mdogo wake wa Mwanza, jinsi alivyokwenda kununua vitenge, akakosa gari la jioni, akapeleka begi asubuhi, akaambiwa litashushwa njiani. Kuna waliomlaumu mama kwa maneno mengi. Mimi simlaumu. Mtu asiyejua anaongea na nani husimulia kila kitu, kwa matumaini kwamba kipande kimojawapo kitamgusa anayehusika. Na msikie mara ngapi anasitisha hadithi na kuuliza, "Unanisikia?" Mtandao ulikuwa safi. Hiyo ni dalili ya mpigaji ambaye hakupewa uhakika mwanzoni, kwa hiyo anautafuta katikati. Mnaosimamia ofisi za namna hii, msihangaike na madodoso ya kuridhika kwa wateja. Hesabuni "unanisikia" na "hapo ni wapi" kwenye simu zenu.

Mahali palikuwa na uzito wa pekee hapa kwa sababu ya barabara yenyewe. Basi la Mwanza linapita Lamadi, linaingia Bunda, linaendelea hadi Makutano, kisha linakata kwenda Musoma mjini. Butiama iko upande mwingine wa Makutano hayo. Mzigo wa mtu wa Butiama unaweza kushushwa Bunda, unaweza kuachwa Makutano, na konda akisahau unafika Musoma. Mama alikuwa na sehemu tatu za kuutafuta, na risiti yake ina namba tatu za simu. Angesikia "Musoma" katika sekunde tatu za kwanza, angeuliza jambo moja tu, kama begi limepitilizwa hadi mjini. Angejibiwa ndiyo au hapana, akakata, akapiga Bunda. Badala yake aliieleza Musoma kana kwamba anaongea na Bunda, na karani alimwacha aeleze mpaka alipotajiwa Bunda kwa jina. Salio la nani lilikuwa linakwenda muda wote huo?

Najua utetezi utakaokuja, nimeshaupata. Kwamba siku hizi matapeli wamezidi, ile "hela tuma kwa namba hii" imewaliza watu, na ukijitaja kwenye simu usiyoijua unajiingiza mtegoni. Hata baada ya laini kusajiliwa kwa alama za vidole, waliochelewa wakaanza kuzimiwa mwaka 2020, matapeli hawakuisha. Kwa simu yako binafsi nakubali, uliza unavyotaka. Lakini namba iliyochapishwa kwenye risiti na kubandikwa kwenye dirisha la ofisi imeshajitangaza yenyewe. Tapeli anajua ni ya nani kuliko mama wa Butiama.

Chanzo halisi nimekuwa nikikisema miaka yote mpaka wengine mmechoka nacho: simu ya ofisi iliyo mfukoni mwa mtu. Laini moja inapokea shemeji, fundi, mkopeshaji na mteja. Mwenye nayo anajenga mazoea ya kuuliza "nani mwenzangu" kwa sababu kweli hajui ni nani kati ya hao. Akihamishwa stendi, anaondoka na namba. Tena wakati inaita unasikilizishwa wimbo wa mapenzi, hivyo mteja anajiandaa kuomba radhi kwa kukosea namba kabla hajasikia mtu. Nunueni kitochi cha bei nafuu, kiwekwe juu ya meza ya mizigo, kisitoke hapo. Karani akikishika anajua kwamba hakuna shemeji upande wa pili.

Wakubwa wangu katika jambo hili ni maopereta wa suichibodi, wa enzi zile simu na posta vilipokuwa shirika moja, kabla TTCL haijaanza kusimama peke yake mwaka 1994. Hawakuwa na sauti tamu, na baadhi walikuwa wakali. Lakini opereta alipochomeka waya alitaja mahali alipo kabla hujapumua, kwa sababu laini ya mbali ilikuwa ya kugombania na hakuna aliyetaka kuimalizia kwa kuulizana. Ukishasikia mahali, ulitoa namba unayoitaka, basi. Ninaposema hivi vijana huniona nasifia mambo ya zamani. Nasifia mpangilio wa maneno, na huo hauhitaji waya.

Wala si wetu peke yetu. Mwanasosholojia wa Marekani, Emanuel Schegloff, alichapisha mwaka 1968 uchambuzi wa mianzo ya simu zipatazo 500 za kituo cha polisi. Aliona kwamba anayepokea ndiye anayetangulia kusema, karibu bila kukosa. Simu moja tu ilienda kombo: polisi walipiga wao, upande wa pili ukainua mkono wa simu na kunyamaza kama sekunde moja, na polisi wakalazimika kuanza na "haloo". Jibu lililotoka upande wa pili lilikuwa jina la taasisi, Msalaba Mwekundu. Hata alipochelewa kuanza, aliyepigiwa alijua anadaiwa nini. Schegloff akatumia simu hiyo moja kueleza zote: mlio ni wito, na neno la kwanza la anayepokea ni kuitika. Sasa mtu akikupigia hodi, unaitika au unauliza yeye ni nani ukiwa bado umefunga mlango?

Karani angefanyaje, basi? Kwanza, amalize habari ya turubai kabla hajabonyeza. Pili, atangulize salamu, na si kwa upole tu. Simu za mkononi mara nyingi humeza kipande cha mwanzo cha sauti, na mpigaji naye anakuwa ndiyo kwanza anasogeza simu sikioni. Ukianza na "Musoma", atasikia "soma". Ukianza na "habari za asubuhi", kikimezwa kipande hakuna hasara, kwa sababu salamu inajulikana hata ikiwa nusu. Tena haina umri, na hilo ni muhimu kwa sababu mlio wa simu haukuambii kama upande wa pili kuna mjukuu au bibi. Sauti ikishasikika, shikamoo iingie kwenye zamu ya pili, mapema kabisa. Baada ya salamu ataje kazi na mahali: "ofisi ya mizigo, Musoma." Kisha aweke "karibu" na anyamaze. Jina lake si lazima kwenye sentensi ya kwanza. Litahitajika mwishoni, mteja akitaka kujua amwambie nani kesho.

Huo ndio urefu wote, sekunde nne hivi. Wapo watakaoruka upande wa pili na kuleta ile risala ya "asante kwa kuchagua kampuni yetu inayojali usalama na muda wako, unaongea na fulani, nikusaidie nini siku ya leo". Mpigaji wa Kibara mwenye shilingi chache haisubiri iishe. Anaingia katikati, sauti mbili zinagongana, na jina la stendi ndilo linalofunikwa.

Kwa haki ya karani, alipojua mama anatafuta Bunda alimpa namba sahihi na kuirudia polepole. Na binti wa Bunda, kwenye kipande cha pili cha rekodi ambacho hakuna anayekizungumzia, alifungua kwa salamu, ofisi na mahali, akaomba namba ya risiti, na begi likapatikana bila mama kumtaja mdogo wake hata mara moja.

Risiti yenyewe nimeiangalia. Namba tatu zimepangwa kwenye mstari mmoja, zikitenganishwa na mikwaju, bila jina la stendi hata moja. Ya Musoma imetangulia, kwa hiyo kila mwenye mzigo wa Bunda na Makutano ataanza kupiga Musoma mpaka kitabu hicho cha risiti kiishe.